UZI: Mnunuzi akifilisika kabla ya siku ya makabidhiano, nani anamlipa aliyeuza hisa?

mwana_pangani

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikiuza hisa DSE, soko la hisa la Dar, nasubiri siku tatu za kazi ndipo hela iingie. Hilo nimelizoea. Kinachonisumbua ni hizo siku tatu zenyewe. Bei tumekubaliana Jumatatu, hela na hisa zinabadilishana mikono Alhamisi. Hapo katikati mnunuzi anaweza kufilisika, au bei ikashuka akajuta, au broka wake akafungiwa. Mimi simjui na yeye hanijui. Nani amebeba hatari hiyo?

Swali la pili limekuja baada ya kusoma ushahidi wa Vlad Tenev, bosi wa Robinhood, broka wa app ya simu, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Februari 2021. Anasema alfajiri ya Januari 28 taasisi inayoitwa NSCC iliwaambia wanapungukiwa kama dola bilioni 3, na ndiyo sababu wakazuia watu kununua hisa za kampuni ya GameStop. Sasa kama wateja wameshalipia hisa zao, hiyo bilioni 3 ni ya nini? Wengi mtandaoni walisema ni njama ya kuwaokoa matajiri waliokuwa wamebashiri bei itashuka. Mwenye kujua aje atueleweshe taratibu.

Kadogoo255

Mkuu mbona rahisi. Broka akifa serikali inakulipa. Marekani kuna SIPC, inafidia hadi dola laki tano kwa mteja. Hatari hiyo kaibeba serikali, wewe lala usingizi.

dawati_la_nyuma

Kadogoo, kiwango umekipatia, ila kazi ya SIPC ni nyingine, na wala si mfuko wa serikali. Ilianzishwa kwa sheria ya 1970 na inachangiwa na mabroka wenyewe. Inamlinda mteja pale broka *wake* anapofilisika na mali ya mteja haionekani. Mwana_pangani anauliza habari ya yule wa upande wa pili, ambaye hana akaunti kwake wala kwa broka wake. Hapo SIPC haihusiki kabisa.

Nimekaa dawati la makabidhiano New Jersey miaka mingi, naomba nieleze ninavyoliona kutoka pale.

Ukiuza hisa Marekani, taarifa za muamala zinafika NSCC siku ileile. Wakishahakikisha kwamba pande mbili zimeandika jambo moja, yaani hisa ileile, idadi ileile na bei ileile, NSCC inaingia katikati. Mkataba kati ya broka wako na broka wa mnunuzi unakufa palepale, na mahali pake inazaliwa mikataba miwili. Broka wako sasa anaidai NSCC fedha, na broka wa mnunuzi anaidai NSCC hisa. Tangu dakika hiyo, hata yule mnunuzi akatoweka na broka wake akafunga milango, wewe huna la kufanya naye. Deni lako liko kwa taasisi ya katikati.

Kwa hiyo swali lako linasogea hatua moja: hiyo taasisi inapata wapi hela ya kutimiza ahadi ya mtu aliyetoweka? Jibu la hilo ndilo linalofungua na habari ya ile bilioni 3.

Bi_Tausi_Nakuru

Samahani niingilie. Mimi miaka ya nyuma broka aliuza hisa zangu bila mimi kumtuma, na pesa sikuiona. Nilijua nilipokwenda kuulizia gawio. Hii taasisi ya katikati ingekuwepo kwetu, si ingezuia ule muamala?

dawati_la_nyuma

Pole sana Bi Tausi. Kwa masikitiko, isingezuia. Kwa macho ya soko ule muamala ulikwenda vizuri: hisa zilifika kwa mnunuzi na fedha zilifika kwa broka wako. Ahadi kati ya mabroka ilitimia. Aliyeivunja ni yule uliyempa mali akutunzie, na hilo ni suala la nani ana mamlaka juu ya akaunti yako.

otis_nbi

Mama, kwa Kenya hisa zako haziko kwa broka, ziko kwenye akaunti ya CDS, yaani akaunti yako ya hisa ya kielektroniki, pale CDSC, hifadhi kuu ya hisa. Taarifa ya akaunti iombe kutoka CDSC moja kwa moja, usikubali ile broka anakuchapishia. Ukiona idadi imepungua na hukutoa agizo, andikia CDSC na CMA, msimamizi wa masoko ya mitaji, siku hiyohiyo. CMA ina mfuko wa fidia kwa wawekezaji, ila una masharti na ukomo, kwa hivyo usiuhesabu kama bima ya kila kitu.

Nikirudi kwa swali la ndugu wa Pangani: sisi pia ni T+3, yaani siku tatu za kazi baada ya muamala, lakini kwa hisa hatuna taasisi inayogeuka kuwa mnunuzi wa kila muuzaji kama hiyo NSCC. NSE Clear wanafanya kitu cha aina hiyo, lakini ni kwa mikataba ya bei za mbele, ile ya kukubaliana leo bei ya kununua au kuuza baadaye, si kwa hisa. Kwa hisa, ulinzi wetu uko mbele ya muamala. Kabla ya kuuza, hisa lazima ziwe tayari ndani ya akaunti yako ya CDS, na kwa kawaida broka hanunui kabla hujaweka pesa. Siku ya makabidhiano hisa na pesa zinahama pamoja, moja isipokuja nyingine haiondoki. Nyuma ya hapo kuna mfuko wa dhamana ambao mabroka wanauchangia.

mwana_pangani

Otis, asante, hapo nimeelewa kwa nini DSE sijawahi kusikia mtu kauza akakosa hela. Sasa dawati, endelea. Hela inatoka wapi?

dawati_la_nyuma

Kabla ya hela, angalia kwanza wanavyolipunguza deni. Chukua hisa moja tu na broka mmoja, tumwite A. Leo wateja wake wamenunua hisa 900 za kampuni fulani kwa dola 40, na wateja wake wengine wameuza 650 za kampuni hiyohiyo kwa bei hiyohiyo. Huku anatakiwa apokee 900, huku atoe 650. NSCC inakatanisha madeni hayo, na kinachobaki ni kwamba A atapokea hisa 250 na kulipa dola 10,000. Kwa kila kampuni inafanyika hivyo upande wa hisa, na upande wa fedha kila kitu kinajumlishwa hadi broka anabaki na namba moja tu ya siku, ya kulipa au kulipwa. DTCC, ambayo ndiyo mama wa NSCC, inasema kukatana huku kunaondoa karibu asilimia 98 ya thamani ambayo vinginevyo ingepaswa kuhama.

Sasa A anafungwa usiku, kabla ya kulipa ile 10,000. NSCC haiwezi kuwaambia wauzaji "samahani". Inapokea zile hisa 250 na kuwalipa wauzaji 10,000 yao. Halafu inabaki na hisa ambazo haizitaki, inaziuza sokoni. Kama bei bado ni 40, haijapoteza kitu. Kama imefika 45, imefaidi. Kama imeshuka hadi 31, inapata 7,750, na pengo ni dola 2,250.

Ndugu zangu, tulieni hapo kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotea. Hatari ya taasisi si dola 10,000. Hisa haziachiwi bila fedha, kwa hiyo mtaji wote hauwezi kuyeyuka. Hatari ni *tofauti ya bei* kati ya siku mliyokubaliana na siku itakapofanikiwa kuziuza. Inategemea mambo mawili: bei inayumba kiasi gani, na siku ngapi zimebaki wazi. Kila asubuhi NSCC inakadiria pengo hilo kwa kila mwanachama na kumtaka aweke amana ya kutosha kulifunika. Amana hiyo ndiyo inayotimiza ahadi. Hakuna mtu anayemwamini mwenzake.

Kadogoo255

Nimekuelewa mkuu, SIPC nimeiweka pembeni. Ila nikuulize, amana yake isipotosha?

dawati_la_nyuma

Inaliwa kwanza amana ya aliyeshindwa, yote. Ikiisha, taasisi inaweka fungu la mtaji wake yenyewe. Bado ikipungua, wanachama waliobaki wanachangia pengo kwa uwiano, ingawa hawakukosa lolote. Lehman ilipoanguka Septemba 2008 iliacha miamala ya zaidi ya dola bilioni 500 ikiwa wazi ndani ya kampuni za DTCC, sehemu kubwa ikiwa dhamana za mikopo ya nyumba na za serikali. Ikafungwa yote bila kugusa amana ya mwanachama mwingine.

mshale_mwekundu

Unaipamba sana, dawati. Taasisi za katikati nazo zinakufa. Hong Kong, Oktoba 1987: masoko ya dunia yalipoporomoka, soko lao la hisa lilifungwa siku nne mfululizo. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa shirika lililodhamini mikataba ya bei za mbele ya Hang Seng, kipimo cha bei za hisa za Hong Kong. Waliopata hasara hawakuwa na hela ya kulipa, na shirika lenyewe mtaji wake ulikuwa mdogo mno kwa mzigo ule. Ikabidi litafutiwe mkopo wa uokoaji wa dola za Hong Kong bilioni 2, na soko lilipofunguliwa wakaandaa bilioni 2 nyingine. Ukiweka hatari ya kila mtu sehemu moja, hujaiondoa. Umeikusanya.

dawati_la_nyuma

Sikatai, Mshale, na mfano wako ni wa kweli. Pale amana zilikuwa ndogo mno kwa msukosuko uliokuja. Ndiyo maana sasa wanadai amana kubwa ghafla bei ikichafuka, na watu wakidaiwa wanapiga kelele. Tukifika Januari 2021 utaona ni jambo lilelile kwa upande wa pili.

Tenev aliieleza kamati hivi. Januari 25 Robinhood ilitakiwa kuwa na amana ya kama dola milioni 125. Usiku wa kuamkia Januari 28 tayari ilikuwa imeweka milioni 696. Saa 11 na dakika 11 alfajiri kwa saa za New York, mfumo wa NSCC ukatuma taarifa: amana inayotakiwa ni takribani bilioni 3.7, mnapungukiwa bilioni 3. Namba hiyo ilikuwa na sehemu kuu mbili. Ya kwanza, karibu bilioni 1.3, ni lile kadirio la pengo la bei nililolieleza. Ya pili, zaidi ya bilioni 2.2, ni tozo ya ziada anayopigwa mwanachama ambaye hatari yake imezidi mtaji wake.

Kwa nini wao zaidi ya wengine? Rudi kwa broka A. Deni lake lilipungua kutoka 900 hadi 250 kwa sababu wateja wengine walikuwa wanauza. Robinhood wiki ile wateja walikuwa wanakimbilia upande mmoja, wananunua. Kukatana hakukuwa na cha kukata. Halafu hisa yenyewe ni GameStop: Januari 27 ilifunga dola 347.51, kesho yake ikapanda mchana hadi 483, ikafunga 193.60. Fikiria NSCC imerithi hisa zilizonunuliwa kwa 347 na broka amekufa. Imepoteza kama dola 154 kwa kila hisa, kwa siku moja.

Sasa angalia walichozuia: kununua. Kuuza waliruhusu. Kwa mtu wa nje inaonekana wanaishusha bei kwa makusudi. Kwa mtu wa dawati, hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupunguza kile kinachobaki baada ya kukatana, na amana ikapungua nayo.

mwana_pangani

Hapa bado nimekwama. Wateja wameshalipia. Si angechukua hela yao akaipeleka NSCC?

dawati_la_nyuma

Hairuhusiwi. Kanuni namba 15c3-3 ya SEC, msimamizi wa masoko ya Marekani, inamtaka broka atenge fedha za wateja kwenye akaunti maalumu. Hawezi kuzitumia kama amana yake mwenyewe ya siku za kusubiri, ambazo Marekani wakati ule zilikuwa mbili. Anaweka hela ya kampuni, na za wateja zinatumika siku ya makabidhiano. Bi Tausi ataelewa haraka kuliko sisi sote kwa nini kanuni hiyo ipo.

Na si wote walikuwa wamelipa. App nyingi za namna ile zinamruhusu mteja anunue papo hapo wakati uhamisho wa benki bado uko njiani.

mshale_mwekundu

Malizia basi. Mbona hawakulipa bilioni 3 na bado hawakufa?

dawati_la_nyuma

Ni kweli. Waliiambia NSCC kwamba wanazuia ununuzi. Kwanza ile tozo ya ziada ikapunguzwa zaidi ya nusu, na baada ya saa 3 asubuhi ikafutwa yote kwa siku hiyo, kwa wanachama wote waliokuwa wanadaiwa. Ikabaki amana ya kama bilioni 1.4. Robinhood ikaweka milioni 737 juu ya zile 696 na hesabu ikatimia kabla ya soko kufunguliwa. Siku chache zilizofuata wakakusanya zaidi ya bilioni 3 kwa wawekezaji wao ili wasirudi pale tena.

mshale_mwekundu

Basi hoja yangu imesimama. Kanuni inayodai bilioni 2.2 alfajiri na kuisamehe asubuhi si hesabu, ni mazungumzo. Ama hatari ilikuwepo na wakaifumbia macho, ama haikuwepo na waliitisha watu bure. Na aliyeumia ni mteja mdogo aliyetaka kununua akakuta kitufe kimezimwa.

dawati_la_nyuma

Kanuni zenyewe zinawapa ruhusa ya kuisamehe, hawakuvunja kitu. Na hatari ilibadilika kweli ununuzi ulipozuiwa. Lakini nakubali jambo moja: kwa mteja yule, haikuwa wazi hata kidogo kwamba haki yake ya kununua saa 3 na nusu ilitegemea simu zilizopigwa alfajiri. Mimi mwenyewe sipendi jinsi lilivyokwenda.

sele_wa_muscat

Salaam. Niko huku Oman, nina hisa chache za Marekani. Mmeongelea mnunuzi asiyelipa. Muuzaji asiyeleta hisa je? Nasikia kuna watu wanauza wasichokuwa nacho.

dawati_la_nyuma

Salaam Sele. Hilo hutokea zaidi kuliko mnunuzi kushindwa, na hapa lazima niseme dhamana ya NSCC *haisemi* nini. Haisemi hisa zitafika siku ileile. Hisa zisipoletwa, deni linahamishiwa siku inayofuata na kupigwa upya kwa bei ya siku hiyo. Bei ikipanda, aliyeshindwa kuleta anaongeza fedha kila siku, na fedha hizo zinakulinda wewe unayesubiri. Chini ya Kanuni ya 204 ya SEC, kama ni mauzo ya hisa za kuazima, broka wake lazima azinunue au aziazime mwenyewe kabla soko halijafunguliwa siku ya kazi inayofuata ile ya makabidhiano. Mauzo mengine hupewa siku zaidi kidogo.

Wewe mteja kwa kawaida huoni kitu, hisa zinaonekana kwenye akaunti yako. Utakuja kuona kama uko kwenye hisa adimu na unataka kuzihamishia kwa broka mwingine, uhamisho ukakwama bila maelezo. Hapo uliza kama hisa zako zimeshapokelewa au bado zinasubiriwa.

otis_nbi

Na ndiyo tofauti nilisema. Kwetu muuzaji hawezi kuingiza agizo la hisa ambazo haziko CDS, kwa hivyo hiyo shida karibu haipo.

mwana_pangani

Kama hatari ni siku zilizo wazi, kwa nini wasimalize papo hapo? Simu tu inahamisha hela kwa sekunde.

dawati_la_nyuma

Wamepunguza. Mei 28, 2024 Marekani ilihama kutoka siku mbili kwenda siku moja, na mfuko wa amana wa NSCC ukashuka kwa karibu dola bilioni 3. Faida imeonekana.

Papo hapo ni habari nyingine. Ukikamilisha kila muamala wakati uleule, hakuna kukatana. Broka A wetu angetakiwa kuwa na fedha za hisa 900 mkononi, pamoja na hisa zote 650 anazouza, kabla ya kubonyeza. Umeondoa hatari ya kusubiri, umeleta uhitaji wa fedha nyingi mara nyingi zaidi kila dakika. Na mnunuzi wa Nairobi au Muscat anatakiwa awe na dola mkononi kabla ya kuagiza, si baada.

otis_nbi

Lakini hiyo hoja yako ya kukatana inafaa soko kubwa. Kwetu mnunuzi ashalipa mbele na hisa ziko CDS tayari. Hatuegemei kukatana sana. Kwa nini basi sisi wenye ulinzi wa mapema ndio tunangoja siku tatu, na wao wenye mikopo wanangoja moja?

Kadogoo255

Otis umeuliza swali zito. Nadhani ni wawekezaji wa nje, wale wanaopitia benki za utunzaji, zinazomshikia mwekezaji hisa zake. Wao hawalipi mbele, hela yao inakuja baada ya kununua, na kuna tofauti ya saa na kubadilisha fedha.

otis_nbi

Hiyo inaeleza siku mbili. Ya tatu?

dawati_la_nyuma

Kadogoo uko sawa kwa sehemu kubwa. Hata Marekani walioteseka na kubana siku walikuwa hao, wa Asia hasa, maana New York inafunga wakati kwao ni alfajiri. Ya tatu sitaki kubahatisha, soko lenu sijalifanyia kazi. Kama kuna mtu wa benki ya utunzaji humu, wa Dar au Nairobi, aseme saa ngapi wanapata uthibitisho kutoka kwa mteja wa nje na saa ngapi ni mwisho wa kuupeleka kwenye hifadhi ya hisa. Jibu liko kwenye saa hizo.

mwana_pangani

Naacha uzi wazi. Mwenye saa hizo atuwekee hapa.